Kugeuza mhadhara wa dawa za kifua kikuu kuwa jedwali na kikumbusho: mwongozo kwa anayeanza famakolojia

Kila muhula mpya unapoanza, wanafunzi wanaokuja kwenye kundi letu la kujisomea hapa Nairobi huniuliza maswali yale yale matatu. Wanauliza wanawezaje kukumbuka dawa zinazofanana majina na kazi, kwa nini vikumbusho walivyopokea kwa waliowatangulia haviwasaidii mtihanini, na kama ni vyema kuanza na jedwali au na kikumbusho. Nimeamua kuyajibu hapa kwa maandishi, nikitumia mhadhara mmoja tu kama mfano, yaani ule wa dawa nne zinazotumika kwanza kutibu kifua kikuu: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Nimeuchagua kwa sababu utakutana nao darasani na kisha utakutana nao tena wodini, na kwa sababu dawa hizi nne hupewa mgonjwa kwa pamoja, jambo linalomlazimu mwanafunzi kujua ni ipi iliyoleta dhara lipi.

Jibu la swali la tatu nalitoa mapema, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Jedwali hutangulia. Kikumbusho huzaliwa ndani ya jedwali lililokwisha kusahihishwa, na anayeanza na kikumbusho hubaki na herufi asizojua zinasimamia nini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na slaidi za mhadhara au madokezo uliyoandika mwenyewe, karatasi tatu za A4, kalamu ya kawaida na kalamu ya rangi moja tofauti. Uwe pia na mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya kifua kikuu unaotumika sasa, kwa ajili ya kusahihisha. Tenga saa moja na nusu siku ile ile ya mhadhara, au kesho yake kabla hujasahau mhadhiri alisisitiza wapi. Simu iweke mbali, maana kazi hii inafanyika kwa mkono. Ukinakili jedwali la mwenzako kwa kulipiga picha, umekosa nusu ya faida, kwa sababu kukumbuka huanza pale unapoamua kitu gani kiingie kwenye kisanduku na kipi kiachwe.

Hatua ya 1: Tia alama kwenye kila sentensi ya mhadhara

Mhadhara wa famakolojia huenda wima. Mhadhiri huchukua rifampisini akaieleza kutoka juu hadi chini: inavyofanya kazi, inavyofyonzwa, inavyotolewa mwilini, madhara yake, dawa inazogongana nazo. Kisha huihama na kuanza isoniazidi kwa mpangilio ule ule. Mtihani, kwa upande wake, huuliza kwa mlalo: katika dawa hizi nne, ni ipi inayoharibu uoni? Kazi yako yote ni kuugeuza mhadhara kutoka wima uwe mlalo.

Soma madokezo yako polepole na uandike pembeni mwa kila sentensi herufi moja kati ya tatu. Andika T, ya tofauti, ikiwa jambo hilo linaihusu dawa hiyo peke yake. Andika S, ya sawa, ikiwa dawa zote au karibu zote zinashiriki jambo hilo. Andika A, ya acha, ikiwa ni historia au maelezo ambayo hayatakusaidia kuitofautisha dawa na wenzake. Kwa mfano, kwamba dawa hizi humezwa kwa mdomo ni S, kwa kuwa zote nne humezwa. Kwamba mkojo hugeuka rangi ya chungwa ni T, kwa kuwa ni rifampisini pekee inayofanya hivyo kati ya nne hizi.

Onyo: usiipe T kila sentensi inayokuvutia. Ukimaliza ukurasa na kuona kila mstari una T, ujue bado hujalinganisha, umepigia mstari tu.

Hatua ya 2: Chagua maswali matano, si zaidi

Upande wa kushoto wa jedwali huwa na maswali, na juu huwa na majina ya dawa. Watu wengi huweka vichwa vya maneno vilivyotoka kwenye slaidi, kama vile «Ufyonzwaji» na «Usambazaji», kisha hujaza visanduku kumi na vitano ambavyo vitatu vinne vyake tu ndivyo vina tofauti yoyote. Mimi hupendelea swali kamili, kwa kuwa swali hudai jibu fupi. Kwa dawa hizi maswali yangu ni haya: Inashambulia nini? Ni dalili gani inayoitambulisha? Inalifanya nini ini? Nifanye nini ili kumkinga mgonjwa? Inatumika kwa muda gani?

Swali la nne ndilo ambalo wanaoanza hulisahau, na ndilo linalotenganisha anayejua orodha ya madhara na anayeweza kukabidhiwa mgonjwa.

Hatua ya 3: Jaza kwa kukumbuka, kisha sahihisha

Chora jedwali tupu kwenye karatasi ya kwanza, funika madokezo, na ujaze unachokumbuka kwa kalamu ya kawaida. Utaacha visanduku vingi vitupu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baada ya hapo funua madokezo na mwongozo wa kitaifa, ujazie na kusahihisha kwa kalamu ya rangi. Rangi hiyo itakuonyesha mahali udhaifu wako ulipo, na hapo ndipo kikumbusho kitahitajika. Lile uliloliandika sahihi bila msaada halihitaji kikumbusho chochote.

Kila kisanduku kisizidi maneno kumi hivi. Jedwali lililosahihishwa linapaswa kufanana na hili:

| Swali | R: rifampisini | H: isoniazidi | Z: pirazinamidi | E: ethambutoli |
|---|---|---|---|---|
| Inashambulia nini? | Kimeng'enya kinachotengeneza RNA ya bakteria | Asidi ya mikoli ya ukuta wa bakteria | Bakteria walio katika mazingira ya asidi | Arabinogalaktani ya ukuta wa bakteria |
| Dalili ya kuitambulisha? | Mkojo, jasho na machozi ya rangi ya chungwa | Ganzi na kuchomachoma kwa nyayo | Asidi ya yuriki kupanda, maumivu ya viungo | Uoni kufifia, nyekundu na kijani kuchanganyika |
| Ini? | Huliumiza | Huliumiza | Huliumiza sana | Ni nadra |
| Nifanye nini? | Chunguza dawa nyingine anazotumia | Mpe piridoksini, yaani vitamini B6 | Tuliza maumivu. Kwa kawaida dawa huendelea | Pima uoni na rangi kabla. Angalia figo |
| Muda? | Miezi 6 | Miezi 6 | Miezi 2 | Miezi 2 |

Neno moja kuhusu herufi H, kwa kuwa huulizwa kila mara: isoniazidi huandikwa H kutokana na jina lake la kikemia, ambalo ni hidrazidi ya asidi ya isonikotiniki. Z nayo imetoka katikati ya jina pirazinamidi.

Hatua ya 4: Tafuta kisanduku kilicho peke yake

Sasa soma jedwali kwa mlalo, mstari mmoja baada ya mwingine, na ujiulize kila mstari una sura gani. Mstari wa dalili una majibu manne tofauti kabisa, kila dawa na lake. Mstari wa ini una watatu wanaofanana na mmoja aliyejitenga. Mstari wa muda una wawili kwa wawili. Sura hizi tatu zinahitaji vikumbusho vya aina tatu, na mwanafunzi anayelazimisha aina moja ya kikumbusho kwenye mistari yote ndiye anayerudi kuniambia kwamba vikumbusho havimfai.

Mstari wa majibu manne tofauti unahitaji sentensi au ubeti unaobeba herufi zote nne. Mstari wa watatu na mmoja unahitaji kumkumbuka yule mmoja tu, na wengine watajulikana kwa kubaki. Mstari wa wawili kwa wawili unahitaji neno linalounganisha kila jozi.

Mstari wa kwanza, wa shabaha ya dawa, siutungii kikumbusho. Ukielewa kwamba H na E zote hushambulia ukuta wa bakteria mahali tofauti, kwamba R huzuia utengenezaji wa RNA, na kwamba Z hufanya kazi penye asidi, umemaliza. Jambo linaloeleweka lisigeuzwe kuwa jambo la kukaririwa.

Hatua ya 5: Tunga kikumbusho, kila sura kwa aina yake

Anza na ulio mwepesi. Kwa mstari wa ini, sema «E huepuka ini». Herufi ya dawa ndiyo herufi ya kwanza ya mzizi wa kitenzi, «epuka», na waliobaki watatu ndio wanaoliumiza. Ongeza kwamba ethambutoli hutolewa mwilini kwa wingi kupitia figo, na hapo utajua kwa nini figo mbovu huifanya ijikusanye na kuhatarisha macho.

Kwa mstari wa muda, mpango wa kawaida huandikwa 2RHZE/4RH, maana yake miezi 2 ya dawa zote nne, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi pekee. Konsonanti za neno «roho» ni R na H. Herufi za neno «zee» ni Z na E. Basi sema «Zee huondoka, roho hubaki». Kikumbusho hiki kikae kwenye daftari lako na kwenye meza ya kujisomea. Kisitamkwe kamwe karibu na kitanda cha mgonjwa, ambaye ataelewa kila neno na hatajua unazungumzia herufi.

Mstari wa dalili ndio mgumu, nami nitaueleza kwa kirefu kwa sababu toleo langu la kwanza lilikuwa na kasoro ambayo huenda nawe ukaifanya. Nilitunga maneno manne: Rangi, Hisia, Zigo, Ekundu. Rangi ilikuwa ya mkojo wa rifampisini. Hisia ilikuwa ya ganzi ya isoniazidi. Zigo lilikuwa la asidi ya yuriki inayoelemea viungo. Ekundu ni mzizi wa neno nyekundu, ambao huonekana wazi tunaposema mwekundu au chekundu, na ulisimamia rangi ambayo mgonjwa wa ethambutoli hushindwa kuitofautisha na kijani. Niliona yamekamilika. Wiki mbili baadaye mwanafunzi mmoja wa kundi letu aliulizwa katika mtihani wa mdomo ni dawa gani inayoharibu uwezo wa kuona rangi, akajibu rifampisini bila kusita. Alikuwa amekumbuka neno «rangi» kama nilivyomfundisha. Kosa lilikuwa katika kikumbusho, kwa kuwa maneno mawili kati ya manne yalihusu rangi na hakuna lililosema rangi hiyo iko wapi.

Tiba yake ilipatikana katika kiambishi cha mahali. Kila dalili katika mstari ule ina mahali pake mwilini, na Kiswahili hupataja kwa silabi moja, «ni», ambayo pia inafaa sana kuwa kina. Nikaandika upya kwa mizani nane kila kipande, kama mashairi tuliyoyasoma shule ya upili:

*Rangi yake mkojoni, hisia ganzi nyayoni,*
*Zigo zito viungoni, ekundu hufa machoni.*

Hesabu mizani mwenyewe: ra-ngi-ya-ke-m-ko-jo-ni, nane. Mizani ikitimia, neno likisahauliwa pengo lake husikika, na hilo ni jambo ambalo orodha ya maneno makavu haina. Herufi za mwanzo wa vipande ni R, H, Z, E kwa mpangilio, na mwisho wa kila kipande ni mahali pa kumchunguza mgonjwa. Mtihani wako utakuwa wa Kiingereza, lakini hilo halina madhara, kwa kuwa unachokibeba kutoka kwenye ubeti ni herufi na mahali, na jibu utaliandika kwa lugha utakayoulizwa.

Onyo: usiongeze ubeti wa pili kwa ajili ya kila kitu kingine. Vikumbusho vitatu kwa mhadhara mmoja vinatosha. Vikizidi, vyenyewe huanza kuhitaji vikumbusho.

Hatua ya 6: Vijaribu kwa mgonjwa, ukienda kinyume

Kikumbusho hutungwa kutoka kwenye dawa kuelekea dalili, ilhali mgonjwa huja na dalili, nawe hutafuta dawa. Kwa hiyo kwenye karatasi ya pili andika visa viwili vitatu vya kubuni, ukivijibu bila kutazama jedwali. Hiki ni kimoja tunachokitumia.

Mwanamke wa miaka 34 yuko wiki ya saba ya matibabu ya kifua kikuu. Anaishi na virusi vya UKIMWI na anatumia dolutegraviri. Ana kipandikizi cha homoni cha kuzuia mimba. Anasema nyayo zinamchomachoma usiku, na ana hofu kwa kuwa mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa tangu siku za mwanzo.

Anza na mahali. Nyayoni ni H, isoniazidi, ambayo huvuruga matumizi ya vitamini B6 mwilini. Kisanduku cha «nifanye nini» kinasema piridoksini, basi unauliza kama amekuwa akipewa na kwa kiasi gani. Mkojoni ni R, na hapa jibu ni kumtuliza, kwa kuwa rangi hiyo haidhuru. Lakini usikimbie, maana kisanduku cha R kinakutaka uchunguze dawa nyingine. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, hivyo kiwango cha dolutegraviri hushuka, na ndiyo sababu huongezwa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Homoni za kipandikizi nazo huvunjwa haraka, kwa hiyo anahitaji ushauri wa njia nyingine ya uzazi wa mpango. Malalamiko aliyoyaleta yalikuwa mawili, na hatari kubwa zaidi ilikuwa ile ambayo hakuitaja kabisa.

Kisa cha pili ni kifupi: dereva wa matatu mwenye ugonjwa wa figo anasema taa nyekundu na ya kijani kwenye makutano zimeanza kumfanana. Machoni ni E. Unasimamisha ethambutoli na kumpeleka kwa daktari wa macho bila kuchelewa, kwa kuwa dhara hili likigunduliwa mapema mara nyingi hurudi nyuma.

Ikiwa umekwama kwenye kisa, usirekebishe kisa. Rudi kwenye jedwali uone ni kisanduku gani kilichokosa neno ulilolihitaji.

Hatua ya 7: Lichore upya baada ya siku 1, siku 7 na siku 21

Tumia karatasi tupu kila mara. Sema ubeti kwanza, kisha jaza jedwali kutokana nao. Kuchora kusizidi dakika kumi.

Ukikwama

*Ubeti naukumbuka, ila sijui unamaanisha nini.* Uliruka hatua ya 3. Jaza jedwali kwa mkono mara mbili zaidi kabla ya kuusema ubeti tena.

*Dawa ya tano imeingia kwenye mhadhara.* Madokezo ya zamani yana streptomisini, S, ambayo hudungwa na huweza kuharibu masikio na figo. Iwekee safu yake pembeni, usiilazimishe ndani ya ubeti.

*Mhadhara na madokezo ya waliotangulia havikubaliani.* Katika karatasi zinazopokezanwa hosteli hadi hosteli utakuta mpango wa 2RHZE/6EH, ambao uliwahi kutumika na ulichukua miezi minane. Hauendani na «zee huondoka», na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Ufute kwenye karatasi yako, na kwa muda na dozi zote fuata mwongozo wa kitaifa wa sasa. Jedwali la kujisomea lisitumike kamwe kumwandikia mgonjwa dawa.

*Mgonjwa wa kisa ana macho ya manjano, nami nikajibu ethambutoli kwa sababu ya neno «machoni».* Kosa hili ni la kawaida. Umanjano wa macho ni habari ya ini, na E huepuka ini. Kwenye ubeti wako andika juu ya neno «machoni» kwa kalamu ya rangi: *uoni*. Kisha tunga kisa kimoja cha macho ya manjano na kimoja cha uoni uliofifia, uvijibu mfululizo hadi visikuchanganye tena.